Gari la gemu lilirudi, sarafu zikagoma

Mpwa wangu hapa Makorora, Tanga, alifuta gemu lake la mbio za magari ili simu ipate nafasi, kisha mama yake akalipakua upya. Matangazo yakarudi, gari tulilolinunua likawa na kufuli, sarafu zikasoma sifuri. "Shangazi, ninunue tena?" Nikamkataza. Ukionyeshwa bei ya kitu ulichokwisha kukilipia, mara nyingi duka linamwona mnunuzi mwingine, na ukibonyeza, pesa zinakatwa upya.

Kwanza nilitafuta risiti ya Google Play kwenye baruapepe yangu. Huwa na namba ya oda inayoanza na GPA, lakini nilichotaka hasa ni kujua imetumwa kwa nani. Ilikuja kwangu. Simu ile ina akaunti mbili, yangu na ya mama yake, na safari hii gemu lilipakuliwa kwa akaunti ya mama yake. Kumbe tatizo lilikuwa hapo. Kwenye Android, kitu ulichonunua hufuata akaunti iliyolipa, hakifuati simu, na gemu huangalia ununuzi wa akaunti iliyolipakua.

Basi nikalifuta, nikafungua Play Store, nikagusa picha iliyo juu pembeni, nikachagua akaunti yangu na kulipakua tena. Usiache hatua ya kufuta, maana kubadili akaunti dukani huku gemu limo kwenye simu huenda kusisaidie kitu. Nikahakikisha bando lipo ndipo nikalifungua, kwa kuwa bila intaneti haliwezi kuuliza lolote. Kwenye mipangilio yake nikabonyeza Restore Purchases. Matangazo yakatoweka, kufuli la gari likafunguka.

Sarafu bado sifuri, na mtoto akanuna. Nikamweleza kwamba gari na kuondoa matangazo hununuliwa mara moja, vikabaki kwenye kumbukumbu za Google. Sarafu ni za kutumia na kuisha: gemu likishakukabidhi, kwa Google zimekwisha, ndiyo maana unaweza kununua nyingine kila siku. Salio lake hulishika gemu lenyewe, na yeye alikuwa akicheza kama Guest, bila kuunganisha akaunti yoyote. Kitufe cha kurejesha hakizigusi hata ukikibonyeza mchana kutwa.

Ikabaki kuwaandikia watengenezaji, kwa anwani iliyo kwenye ukurasa wa gemu lao Play Store. Walitaka namba ya GPA pamoja na ID ya mchezaji, ile ya zamani, kwa sababu baada ya kupakua upya alipewa nyingine isiyo na historia. Tuliipata kwenye picha ya skrini aliyomtumia rafiki yake WhatsApp kumringishia ushindi; namba ilionekana pembeni. Wakamrudishia akaunti yake ya zamani, sarafu zikiwa zilezile alizoziacha. Siku hiyohiyo tukaiunganisha na Play Games, na ile ID nikamtumia mama yake aihifadhi.