Kumbukumbu ya mradi: Equity, KCB na namba isiyotulia

Kapu langu lina hisa nne za soko la Nairobi: Safaricom, EABL, Equity na KCB. Njia ya Markowitz ya 1952 ya kugawa fedha kati ya hisa inadai kwanza ukadirie faida ya kila hisa, na hilo nimeliweka kando. Hisa ambayo mkengeuko sanifu wake ni 25% kwa mwaka, ukiipima kwa miaka 5, wastani wa faida yake unabeba kosa la takribani 11%. Ukiona 12%, ukweli waweza kuwa 1% au 23%. Kuchukua bei za kila siku badala ya za kila mwezi hakupunguzi kosa hilo. Dawa yake ni miaka mingi zaidi, nami sina.

Kwa hiyo sasa natafuta tu kapu lenye variansi, yaani mraba wa mkengeuko, ndogo kabisa, linalohitaji mikengeuko na uhusiano wa hisa peke yake. Nimezijaribu benki mbili, Equity na KCB, kwanza, maana bei zao hupanda na kushuka pamoja. Namba nimezikadiria za mviringo: mikengeuko s1 ya 20% na s2 ya 25%, uhusiano r wa 0.8, na w1 ni fungu la benki ya kwanza.

```
w1 = (s2**2 - r*s1*s2) / (s1**2 + s2**2 - 2*r*s1*s2)
```

Jibu ni 100% kwa benki ya kwanza. Lakini miezi 60 ya data huacha kosa la karibu 0.05 kwenye uhusiano huo, kwa hiyo 0.7 na 0.9 zote bado zinawezekana. Kwa 0.7 fomula inatoa 85%. Kwa 0.9 inatoa 140%, yaani nikope hisa za benki ya pili niziuze! Nikiizuia isivuke 100% inatulia kidogo, ila benki ya pili inafutika kabisa.

Hierarchical Risk Parity au HRP, njia nyingine ya kugawa fedha aliyoitoa López de Prado mwaka 2016, hujenga mti kwanza: hisa zinazofanana zaidi huwekwa jirani, kisha orodha hukatwa nusu kwa nusu, na kila upande hupewa fungu kwa kinyume cha variansi yake. Benki zangu zikigawana zenyewe kwa zenyewe, ni 61% kwa 39%, uhusiano uwe 0.7 au 0.9. Uhusiano unaingia ngazi ya juu: variansi ya Safaricom na EABL pamoja ikiwa 0.03, fungu la benki zote mbili linashuka kutoka 42% hadi 40% tu uhusiano wao ukipanda kutoka 0.7 hadi 0.9.

Utulivu huo una gharama. Kama uhusiano kweli ni 0.9, ile 61% inaacha hatari ambayo ingeepukika. Tena mti wenyewe umetokana na data hiyohiyo: Safaricom ikikaribiana na EABL na benki kwa kiasi kilekile, mwezi mmoja mpya unaweza kubadilisha mpangilio na mafungu yakaruka. Jaribio linalofuata ni kuondoa mwaka mmoja mmoja, kujenga mti upya kila mara, na kuangalia nani kahamia kwa nani.