Dakika kumi na moja, na mimi nilikuwa nimeshakufa

Kivuko cha kwenda Simeulue huondoka usiku, na mtu yeyote akikwambia utalala humo, ujue anakuuzia tiketi. Nilipata kitanda cha plastiki kilichonata jasho la abiria wa jana, chini ya taa isiyozimwa, pembeni ya spika iliyopiga muziki mpaka alfajiri. Kulipopambazuka kisiwa kilikuwa mbele yetu, kirefu na cha kijani, magharibi ya Sumatra, nami nilikuwa nimeapa kurudi kwa ndege.

Ila kivuko hicho kilinipa mfano ambao darasani sikuwahi kuupata, miaka yote niliyofundisha fizikia. Tulipotia nanga, abiria walijazana kushuka. Wa mbele walifika kwenye ubao mwembamba wa kushukia wakapunguza mwendo. Wa nyuma, ambao bado walikuwa kwenye sitaha pana, walizidi kuja kwa kasi ileile. Foleni iliyokuwa imetandaa chombo kizima ikasongamana, watu wakabanana kifua kwa mgongo, na mtoto mmoja ikabidi anyanyuliwe juu ya mabega kwa kukosa pa kusimama. Nikajisemea, tsunami hiyo.

Kwa sababu kasi ya tsunami inategemea kina cha maji tu. Zidisha kina kwa 9.8, tafuta kipeuo cha pili, umeipata kwa mita kwa sekunde. Penye kina cha mita 4,000 unapata karibu mita 200 kwa sekunde, yaani zaidi ya kilomita 700 kwa saa, mwendo wa ndege. Penye kina cha mita 10 inabaki mita 10 kwa sekunde, kilomita 36 kwa saa. Wimbi lenyewe ni refu ajabu: kutoka mgongo mmoja hadi mwingine linaweza kufika kilomita 200 likiwa bahari kuu. Kichwa kinapogusa maji haba kinapunguza mwendo, mkia ungali kina kirefu unakuja mbio. Wimbi linafupika, na nguvu iliyokuwa imetandazwa kwenye kilomita 200 inabanwa kwenye kilomita 10 hivi. Maji hayana pa kwenda ila juu, kama yule mtoto.

Desemba 26, 2004, setilaiti iliyopita juu ya Bahari ya Hindi saa mbili hivi baada ya tetemeko la Sumatra lililozaa tsunami kubwa ilipima kimo cha wimbi kwenye maji makuu: karibu sentimita 60. Mvuvi aliye katikati ya bahari hawezi kuhisi kitu hicho, maana chombo chake kinanyanyuliwa taratibu kwa dakika kadhaa kisha kinashushwa. Sasa lilete ufukweni. Kina kikipungua kutoka mita 4,000 hadi 10 kimepungua mara 400. Tafuta kipeuo cha pili cha 400, ni 20. Tafuta tena cha 20, ni karibu 4.5. Kimo kinaongezeka mara hizo, na sentimita 60 zinakuwa mita 2.7. Hesabu hii inahusu kupungua kwa kina peke yake. Haijui ghuba inayobana maji pembeni, wala haijui kwamba karibu na chanzo wimbi halijapata nafasi ya kutawanyika. Huku Simeulue chanzo kilikuwa mlangoni.

Siku mbili za kwanza sina la kusema. Mvua ilinyesha, na mwenye pikipiki alinitoza mara mbili ya alichomtoza mwenzangu tuliyeketi naye kiti kimoja. Tulikuwa tukielekea kaskazini, Langi.

Langi ndiko nilikotaka kufika. Siku ile ya 2004 tetemeko lilianza saa mbili kasoro dakika moja asubuhi, na maji yaliingia hapo dakika nane tu baadaye, mita 10 hadi 15. Nyumba zilifagiliwa. Watu wa kijiji, takriban 800, wote walikuwa mlimani. Kisiwa kizima kilikuwa na wakazi wapatao 78,000, na waliouawa na maji walikuwa saba. Indonesia yote, waliokufa au kupotea walizidi 160,000, wengi wao ng'ambo tu, mkoa wa Aceh huko Sumatra, ambako maji yalichelewa zaidi kufika kuliko Langi.

Nilifikia kwa bibi mmoja ambaye mjukuu wake alikuwa mkalimani wangu. Nilimkuta amekaa kwenye jiwe la kijivu lenye vishimo vishimo karibu na maji. Nilipoinama kulitazama nikaona ni tumbawe, kubwa kama meza, limekufa, na vitundu vya wadudu wake vingali vikionekana kama kitambaa cha tarizi. Lilikuwa chini ya maji. Tetemeko lilinyanyua upande huu wa kisiwa karibu mita moja na nusu, tumbawe likabaki juani likafa. Nililipapasa kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. Chanzo cha tsunami ni hicho: sakafu ya bahari ikinyanyuka ghafla kwa mamia ya kilomita, maji yote yaliyo juu yake yananyanyuka nayo.

Nikamweleza bibi, kwa kiburi cha ualimu, kanuni inayofundishwa Indonesia siku hizi, ya 20-20-20: mtikisiko ukidumu sekunde 20, una dakika 20, nenda mahali penye mwinuko wa mita 20. Mjukuu alitafsiri. Bibi alicheka mpaka akajifuta macho.

"Dakika 20 ni za watu wa mjini," alisema. "Haya mwanangu, linon. Ardhi imetikisika. Nenda."

Nilidhani ni mzaha. Mjukuu tayari alikuwa ameshika simu kuhesabu muda. Basi nikainuka. Kwanza nikaingia ndani kuchukua begi, maana pasipoti ilikuwa humo. Viatu vilikuwa na kamba. Nikauliza njia ipi. Kijana akanyamaza makusudi. Nikafuata barabara, kwa kuwa barabara ndiyo mtu mgeni huifuata, nayo ilikwenda sambamba na bahari karibu mita 200 kabla sijagundua. Nikageuka, nikapata kinjia kati ya mikarafuu, utelezi mtupu, nikaanguka mara moja. Nilipofika kwenye uwazi walikokusanyika siku ile, kijana alikuwa amenitangulia kwa njia nyingine, amekaa, anapepea kofia.

"Dakika kumi na moja, kaka," alisema. "Umekufa dakika tatu zilizopita. Begi lako ndilo limekuua."

Niliporudia bila begi, peku, kwa kinjia kile tangu mwanzo, ilikuwa dakika sita. Mlima ni uleule na miguu ni ileile.

Tulipokuwa huko juu bibi akanisimulia kwa nini wao hawakuchukua mabegi. Mwaka 1907 bahari iliua watu wengi kisiwani. Waliobaki wakaipa jambo hilo jina, smong, wakaliweka kwenye masimulizi na bembelezo za watoto. Yeye alilipata kwa bibi yake, aliyekuwa mtoto mwaka ule. Kisa kina mambo matatu tu: ardhi itikisike kwa nguvu, bahari ikauke, ukimbie kilimani. Na kuna picha ambayo kila mtoto anaijua: samaki wakirukaruka kwenye mchanga mtupu, na watu wanaokimbilia kuwaokota. Hao hawakurudi.

Nilimuuliza kama 2004 waliiona bahari ikikauka. Akasema walio wepesi waliiona wakiwa tayari juu. Hapo ndipo niliposhtuka, kwa sababu vitabuni mwetu kukauka kwa bahari ndiko kunakopewa picha kubwa. Kwake hiyo ni dalili ya kuthibitisha, si ya kuanzia safari. Ukikaa ufukweni kuingoja umeshakula nusu ya dakika zako. Tena huenda isije kabisa. Upande wa Sumatra na Thailand bonde la wimbi lilitangulia, maji yakavutwa nyuma kabla ya kurudi. Upande wa magharibi, Sri Lanka na India, mgongo ndio uliotangulia, bahari ikaanza kwa kupanda.

"Na wangapi walishuka mapema?" niliuliza.

Alitaja kijana mmoja aliyetaka kushuka kumtafuta nyati wake baada ya maji ya kwanza kutulia. Wazee walimkamata mikono. Wimbi la kwanza si lazima liwe kubwa, na yanayofuata huachana kwa dakika kumi, ishirini, hata zaidi, kwa saa nyingi. Ule utulivu wa katikati ndio unaowadanganya wengi.

Jambo moja nililomkatalia bibi ni neno "kwa nguvu". Oktoba 2010, visiwa vya Mentawai, kusini ya hapa kwenye ukingo huuhuu, tetemeko la kipimo cha 7.8 lilitikisa taratibu, kama mtu anayebembea. Wengi waliona ni dogo wakabaki nyumbani. Zaidi ya watu 400 walikufa. Mpasuko wa aina hiyo huenda polepole karibu na mtaro wa bahari, hautikisi sana ila unanyanyua maji mengi. Kwa hiyo muda ndio wa kuhesabu. Bibi alisikiliza tafsiri, akafikiri, akasema basi atawaambia wahesabu. Sikutegemea anipe ushindi huo.

Usiku kwenye kivuko (ndiyo, ndege ilikuwa imejaa) nilifikiria pwani yetu ya Afrika Mashariki. Wimbi lilelile lilitufikia baada ya zaidi ya saa saba. Somalia ilipoteza watu karibu 300. Tanzania na Kenya pia kulikuwa na vifo, ingawa Kenya waliwahi kuwaondoa watu ufukweni. Hakuna aliyehisi ardhi ikitikisika. Mbiu ya kwanza ya Simeulue kwetu isingelia.

Ya pili nayo ina shida yake. Simeulue maji hupwa kidogo tu, hivyo mchanga mtupu unashtua. Kwetu wakati wa bamvua bahari inakwenda mita tatu na zaidi chini, na watu wanashuka miambani na vijiti vyao kutafuta pweza. Mwamba mtupu ni siku ya kazi. Anayeijua bahari atatofautisha kwa saa: kupwa kunachukua saa sita na kila mwenye ndoo anajua leo maji yanageuka wakati gani. Tsunami hukausha kwa dakika chache, wakati maji yalipaswa kujaa, au huyarudisha maji kabla ya zamu yake, mara nyingine kwa muungurumo kama wa lori zito.

Nilimwandikia ujumbe binamu yangu anayeshuka miambani. Nikamuuliza, siku maji yakigeuka nusu saa kabla ya wakati, utafanya nini. Akajibu kwamba kwanza angebeba pweza.