Nilivyothibitisha kwamba migawanyo isiyo na kumbukumbu ni miwili tu

Wiki mbili nimehangaika na swali moja: kwa nini kati ya migawanyo ya uwezekano, ule wa kijiometri na ule wa kipeo ndiyo pekee isiyo na kumbukumbu? Jana usiku nimelimaliza, na furaha yake bado ninayo.

Chukua ludo. Unangoja sita ili utoe kete. Umerusha dadu mara kumi, sita haijaja, na watu wanakwambia, "Sasa inakaribia." Haikaribii. Uwezekano wa kurusha mara tatu nyingine bila sita ni 125/216, sawasawa na wa mtu aliyekaa kucheza sasa hivi. Muda wa kungoja nikiuita X, na nikiandika G(t) = P(X > t), sharti lote la kutokuwa na kumbukumbu ni G(s+t) = G(s)G(t).

Kwa namba nzima kazi iliisha kabla chai haijapoa: G(n) = G(1)ⁿ, na huo ndio mgawanyo wa kijiometri. Ila kama hesabu yako inaanzia 0, tumia P(X ≥ n), la sivyo mambo hayatakubali.

Kilichonitesa ni muda unaotiririka bila hatua. Mwenzangu alinishauri, "Tafuta derivativu tu, utapata G′ = −λG, basi." Nikajaza kurasa tatu. Niliporudi kusoma mstari wa kwanza nikashtuka: nani kasema G ina derivativu? Sharti halisemi hivyo. Ushauri ule unaniudhi mpaka leo, maana unaingiza mlangoni kitu ambacho hukupewa.

Nikaanza upya na sehemu. Muda 1 ni vipande n vya 1/n, kwa hiyo G(1/n)ⁿ = G(1), na kutoka hapo G(m/n) = G(1)^(m/n). Sehemu zote zikaingia. Je, √2? Hapa pana hatari ya kweli: mwaka 1905 mwanahisabati Georg Hamel alionyesha kwamba milinganyo ya aina hii ina majibu yanayorukaruka ovyo nje ya sehemu.

Nilizunguka chumba karibu saa nzima ndipo nikaona nilichokuwa nacho tangu mwanzo: G haipandi kamwe. Uwezekano wa kungoja zaidi ya dakika 5 hauwezi kuzidi ule wa dakika 4. Basi G(√2) imebanwa kati ya G(1.42) na G(1.41), yaani kati ya G(1)^1.42 na G(1)^1.41. Ongeza desimali, kuta mbili zinasogeleana mpaka zinakutana. G(t) = G(1)^t kwa kila t, na ukiweka λ = −ln G(1), umepata e^(−λt), na huo ndio mgawanyo wa kipeo.

Usisahau hali mbili za pembeni. G(1) ikiwa 1, basi G(n) ni 1 daima na unachongoja hakiji kamwe. Ikiwa 0, G(1/n) nayo ni 0 kwa kila n, kwa hiyo X haizidi 1/n yoyote: kimeshafika kabla hujaanza kungoja.