Ukurasa wa Mwisho wa Ripoti ya Boila

Mwaka 2015 nilikuwa katika mwaka wangu wa kwanza wa kazi ya ukaguzi wa nishati, na ripoti ya kwanza niliyoachiwa kuiandika yote ilikuwa ya kiwanda kimoja cha chai katika nyanda za juu za magharibi mwa Kenya. Tulikaa pale siku nne. Tulipima moshi wa boila, tukahesabu kuni, tukapita na kipimajoto kwenye mabomba yote ya mvuke kutoka chumba cha boila hadi kwenye vikaushio. Vipimo vilikuwa vizuri, na hata leo sioni haya navyo. Nilikosea mwishoni, kwenye mapendekezo.

Niliyaandika ishirini na matatu, kwa mpangilio wa jinsi tulivyotembea kiwandani. La tatu lilisema: “Kiwanda kiboreshe uhamishaji wa joto na kihami mabomba ya mvuke inapofaa.” La tisa lilisema matengenezo yafanywe mara kwa mara. Msimamizi wangu, mama wa makamo ambaye sote tulimwita Mhandisi, alisoma ukurasa ule akiwa amesimama, kisha akaketi na kuniwekea kidole kwenye la tatu.

“Kijana wangu, meneja akilipokea hili Jumatatu asubuhi, atampigia nani simu, na atamwambia alete nini?”

Sikuwa na jibu, ingawa jibu lilikuwa kwenye daftari langu. Bomba lililokuwa wazi lilikuwa moja tu, la milimita 100, lenye urefu wa mita 30, kati ya boila na kikaushio cha pili. Mvuke wake ulikuwa wa nyuzi 180 hivi, na bomba la namna hiyo lisipofunikwa hupoteza karibu wati 900 kwa kila mita. Mhandisi alinitaka nihesabu mbele yake. Mita 30 zilikuwa zikipoteza kilowati 27, na kwa saa 6,000 za kazi kwa mwaka hizo ni kilowati-saa 162,000. Blanketi la sufi ya mawe lililofunikwa kwa bati la alumini huzuia takriban asilimia 90 ya upotevu huo. Tulipogawanya kwa ufanisi wa boila, ambao tuliupima kuwa asilimia 70, tukapata kwamba kiwanda kilikuwa kikichoma mita za ujazo 125 za kuni kila mwaka kwa ajili ya kupasha hewa ya ukutani. Kwa bei ya shilingi 2,500 kwa kila mita ya ujazo ya kuni zilizopangwa, hasara ilikuwa shilingi 312,500.

Nilidhani tumemaliza. Akaniuliza gharama nimeipata wapi, nami nikamwambia ni makadirio yangu. Akanituma nitafute bei za maandishi kutoka kwa wakandarasi wawili, zikiwa na jukwaa la kupandia, usafiri na mafundi, kwa sababu bomba lilikuwa juu na bei ya sufi peke yake isingelifunika. Ile ya chini ilikuwa shilingi 165,000, kwa hiyo fedha zingerudi baada ya miezi sita na siku chache. Pendekezo jipya lilitaja bomba, urefu, unene wa sufi, gharama, akiba, fundi mkuu kama msimamizi, na mwezi wa Julai, baridi inapopunguza majani na kikaushio cha pili kinaweza kusimama.

Kosa kubwa zaidi lilikuwa kwenye kuni zenyewe. Kuni za mkaratusi zilikuwa zikiingia kwenye boila zikiwa na unyevu wa asilimia 50, na nilipendekeza zikaushwe bandani hadi asilimia 25. Hilo ni shauri jema. Lakini nilikuwa nimechukua joto la kilo moja ya kuni mbichi, megajuli 8 hivi, nikalilinganisha na la kilo moja ya kuni kavu, megajuli 13, nikaandika kwamba kiwanda kitaokoa karibu asilimia 40 ya kuni zake.

Mhandisi aliusoma mstari huo mara mbili, kisha akaniuliza kama kiwanda hununua kuni kwa kilo. Hakikununua kwa kilo. Kilinunua kwa mita ya ujazo. Gogo likikauka hupoteza maji, si mti, na faida ya kweli ni lile joto ambalo lisingetumika tena kuyavukiza maji hayo. Tulipohesabu upya kwa kiasi kilekile cha mti, akiba ilishuka hadi asilimia 10 hivi. Kiwanda kilichoma mita za ujazo 8,000 kwa mwaka, kwa hiyo badala ya kuwaahidi wakulima wenye kiwanda zaidi ya shilingi milioni 7, tulipaswa kuwaambia milioni 2. Kupanua banda kungegharimu milioni 3.6. Na kuna gharama ambayo sikuiona kabisa: kuni za miezi mitatu zinazongoja kukauka ni mita za ujazo 2,000, yaani shilingi milioni 5 zilizolala bandani. Tuliiandika wazi kando ya gharama ya ujenzi.

Tarakimu ile ya asilimia 40 ingewaumiza wenyewe. Kanuni za usimamizi wa nishati za mwaka 2012 zilivitaka viwanda vya ukubwa ule vikaguliwe kila miaka mitatu, na vitekeleze angalau nusu ya akiba iliyobainishwa. Ningewaachia deni la akiba ambayo haikuwapo.

Kupanga vipaumbele kulituchukua siku nzima. Mimi nilitaka kupanga kwa muda wa kurudisha fedha tu, na bomba likawa la kwanza. Mhandisi akalishusha likawa la pili, na juu yake akaweka valvu ya usalama ya boila, ile inayotoa mvuke shinikizo likizidi, ambayo tulikuta imekwama kwa kutu. Valvu hiyo haina akiba hata ya shilingi moja, na niliiweka ya kumi na saba. Alinieleza kwa sauti ya chini kabisa kwamba mvuke hausubiri hesabu, akampigia meneja simu jioni ileile badala ya kungoja ripoti.

Boila mpya ilikwenda mwisho. Ingepandisha ufanisi kutoka asilimia 70 hadi 80, na peke yake ingeokoa mita za ujazo 1,000. Lakini bomba likifunikwa na kuni zikikaushwa kwanza, kinachobaki kuokolewa ni kama 890, kwa sababu huwezi kuokoa gogo lilelile mara mbili. Katika rasimu yangu nilikuwa nimezijumlisha akiba zote kama zisizogusana. Kwa bei ya shilingi milioni 40, boila ile ingechukua miaka 18 kurudisha fedha.

Kati ya mapendekezo ishirini na matatu yalibaki manane. Kwenye kikao cha bodi, mkurugenzi mmoja, mzee mkulima, aliuliza wafanye lipi ikiwa mwaka huu wana shilingi laki mbili tu. Meneja hakuniangalia mimi. Aliutazama ukurasa, akamsomea mstari wa pili.

Nilirudi mwaka uliofuata. Valvu ilikuwa mpya, banda lilikuwa limeanza kupanuliwa, na bomba lilikuwa limefunikwa mita 30 kamili. Vilivyobaki wazi ni viungo na valvu nne za bomba hilo, na valvu moja isiyofunikwa hupoteza joto karibu sawa na mita nzima ya bomba. Nilimuuliza fundi mkuu kwa nini waliziacha. Akaniletea ripoti yangu, akanionyesha kwamba nilikuwa nimeandika bomba tu.