Kutoka kengele hadi kiti cha mwenyekiti

Moshi, Ijumaa jioni

Mlima umejifunika wingu tangu saa nane, na bwalo bado linanukia maharage ya mchana. Mdahalo umekwisha, viti vimerudishwa. Naandika kabla mambo hayajapoa, maana mwenyekiti wa leo ni binti yule yule aliyeingia klabuni akiwa kidato cha pili, akamaliza muhula mzima bila kutamka sentensi moja mbele ya watu.

Wengi walisema ana haya, basi. Haya alikuwa nayo, lakini mzigo mkubwa ulikuwa lugha. Alishuka kutoka Kibosho, kwenye shule ya msingi iliyofundisha kwa Kiswahili, akaingia sekondari akakuta karibu kila somo ni Kiingereza. Siku moja alijibu swali, neno likamponyoka vibaya, darasa likaangua kicheko. Tangu hapo alishajua kuwa anyamazaye hachekwi. Ndiyo maana klabu yetu hupokezana lugha: Ijumaa hii Kiswahili, Ijumaa ijayo Kiingereza. Mtoto ajifunze kwanza kujenga hoja kwa lugha anayoiota usiku, kisha aihamishe.

Hakupewa hotuba. Alipewa kengele na saa. Kila msemaji ana dakika 5. Kengele hulia mara moja dakika ya 4, mara mbili dakika ya 5. Mtunza muda haongei, lakini hana ruhusa ya kusinzia, kwa hiyo husikiliza kuliko mtu yeyote ukumbini. Mwisho wa muhula binti alileta daftari. Alikuwa ameandika kila msemaji alikuwa amefika wapi kengele ya kwanza ilipolia. Mmoja alitumia sekunde 50 kwa salamu peke yake: Mheshimiwa Mwenyekiti, katibu, mtunza muda, waamuzi, wapinzani wangu, hadhira tukufu. Wengi walikuwa bado kwenye hoja ya kwanza kati ya tatu. Hakuna mwalimu aliyekuwa amemwambia ahesabu hayo.

Hotuba yake ya kwanza ilivunjika. Aliiandika yote, kurasa mbili, akaikariri kama shairi. Dakika ya pili neno moja likapotea, na kwa kuwa kila sentensi ilikuwa imefungwa kwenye ile iliyoitangulia, mnyororo mzima ukaanguka. Alisimama kimya, kisha akaketi. Kasoro hii huonekana mapema ukiijua: anayekariri hutazama dari, husema kwa mwendo mmoja usiopanda wala kushuka, na akikatizwa hurudi mwanzo wa sentensi. Dawa yake ni kadi ndogo, ukubwa wa kiganja, yenye maneno matano au sita tu. Kila neno ni mlango wa hoja moja, na maneno mengine huyatafuta papo hapo. Mazoezi ni kusema hoja ile ile mara tatu, kila mara kwa maneno tofauti. Akiweza hivyo, neno likipotea haliangushi hotuba yote.

Sauti nayo ilikuwa ikizama mwishoni mwa sentensi, pale pale penye neno zito. Hakuambiwa apaze sauti, kwa sababu mwenye hofu akiambiwa hivyo hupiga kelele mwanzoni na kuishiwa pumzi katikati. Rafiki yake aliketi safu ya nyuma, akawa anainua mkono kila neno la mwisho lilipomfika. Baada ya wiki tatu mkono ulikuwa ukipanda karibu kila mara.

Lakini kilichomfungua hasa ni kujibu hoja, na hapo nataka nikae kidogo. Mada ilisema: "Wakulima wa Kilimanjaro wang'oe kahawa wapande parachichi." Yeye alikuwa upande wa kupinga. Mpango wa kujibu una hatua nne, nazo hushikwa kwa maneno manne: wamesema, lakini, kwa sababu, kwa hiyo. Chipukizi wengi huruka la kwanza. Huanza kushambulia kabla ya kurudia kwa haki alichosema mwenzao, na matokeo yake hujibu hoja ambayo hakuna aliyeitoa.

Upande wa kuunga mkono ulikuwa umedai kuwa mti mmoja wa parachichi huingiza fedha nyingi kuliko mti mmoja wa kahawa. Ukumbi ulipiga makofi. Binti akasimama na kadi yake.

"Wamesema mti kwa mti, parachichi linalipa zaidi. Nakubali, mti kwa mti. Lakini mkulima hamiliki miti, anamiliki eneo. Kwa babu yangu kahawa imepandwa mita 2.5 kwa 2.5. Jirani ameweka parachichi mita 7 kwa 7. Nimepima mwenyewe kwa kamba."

Kisha akazidisha kwa sauti, polepole, watu wamfuate: mita za mraba 49 kwa parachichi moja, 6.25 kwa mche mmoja wa kahawa. Nafasi ya parachichi moja inameza karibu miche 8 ya kahawa. "Kwa hiyo wanapaswa kulinganisha mti mmoja na minane. Hawajafanya hivyo."

Tazama alivyokuwa mwangalifu. Hakusema kahawa inalipa zaidi, maana hakuwa na bei mkononi. Alisema tu kwamba mizani ya wenzao imepinda. Hoja ndogo iliyosimama imara ina nguvu kuliko kubwa inayoyumba.

Msemaji wa pili wa upande ule alikuwa mkali. Akajibu kwamba kihambani, yaani kwenye shamba la nyumbani, hakuna mistari iliyonyooka: migomba, kahawa na miti ya kivuli huishi pamoja, basi parachichi linaweza kusimama juu ya kahawa bila kuifukuza. Hoja nzuri, na ya kweli. Binti hakubishana nayo. Akasoma mada upya, neno kwa neno, akatulia kwenye "wang'oe". "Kama parachichi linasimama juu ya kahawa, basi kahawa ipo. Mwenzangu amekuja upande wetu." Bwalo lilipolipuka, mtunza muda mpya alisahau kengele.

Mwaka uliofuata wakamchagua mwenyekiti. Mwanzoni alikosea kwa upole: alimwacha msemaji aendelee hadi dakika ya 7, na upande wa pili ukalalamika kwa haki. Alielewa kuwa kumwonea mmoja huruma ni kumnyang'anya mwingine. Sasa kengele ya pili ikilia anasema "Asante, msemaji," na haongezi neno. Wachangiaji watatu wa kwanza kutoka ukumbini lazima wawe hawajasema Ijumaa iliyopita. Anayecheka matamshi ya mwenzake husimamishwa na kuombwa arudie hoja iliyokuwa ikitolewa. Mara nyingi hawezi, kwa kuwa hakuwa akisikiliza.

Leo kamati ilimletea mada ya wiki ijayo: "Elimu ni bora kuliko mali." Ameirudisha. Amewaambia haisemi nani afanye nini, kwa hiyo pande zote mbili zitaimba sifa na hakuna atakayemjibu mwenzake. Walibishana robo saa mbele ya ubao. Nilipotoka ilikuwa imeandikwa upya: "Manispaa ya Moshi iwakataze bodaboda kuingia stendi kuu." Mvulana mmoja, ambaye kaka yake ni bodaboda, alishaanza kupinga kabla chaki haijawekwa chini, na mwenyekiti akamwambia aandike jina lake.