Urefu wa mwanangu ulikuwa miguuni

Mwanangu alipotimiza miaka 8 alikuwa na sentimita 138, wakati wavulana wengi wa umri huo huwa karibu na 127. Mimi nina 157, baba yake 168. Ukijumlisha urefu wetu, ukaongeza 13 na kugawa kwa mbili, unapata 169, kimo ambacho angetarajiwa kukikaribia akiwa mtu mzima. Ndugu walisema amefuata wajomba. Mimi sikuridhika, kwa sababu kiwiliwili chake kilikuwa cha kawaida na miguu ndiyo iliyokimbia.

Daktari wa watoto alimkalisha kwenye stuli ya sentimita 40, makalio na mgongo vikigusa ukuta, akapima kutoka sakafuni hadi utosini: 107. Ukitoa stuli unabaki na 67. Miguu basi ilichukua 71, na kwa umri huo sehemu ya juu kwa kawaida huwa ndefu kidogo kuliko miguu. "Mama, huyu urefu wake uko miguuni, na balehe bado," aliniambia. Kipimo hiki naomba kila mzazi akidai, maana kimo peke yake hakisemi ni wapi mtoto amerefuka.

Alipima pia upana wa mikono iliyonyooshwa. Ulikaribiana na kimo, jambo lililopunguza shaka ya ugonjwa wa Marfan, ambao hurefusha mikono na miguu na huweza kudhuru moyo na macho. Aliponiuliza kuhusu shule, nilimweleza kwamba alichelewa kuongea na kusoma kunamtesa. Hapo akaagiza damu ipimwe kromosomu. Chembe za damu huoteshwa maabara kwa siku kadhaa kabla ya kuhesabiwa, hivyo majibu hayaji upesi. Yalisomeka 47,XXY, yaani ana kromosomu 47 badala ya 46, ya ziada ikiwa X: sindromu ya Klinefelter.

Nilidhani urefu wake ulitokana na upungufu wa testosteroni, homoni ya kiume, kumbe mtoto wa umri ule, awe na hali hii au asiwe nayo, bado ana kiasi kidogo sana cha homoni hiyo. Sababu kubwa ni jeni iitwayo SHOX, inayosukuma ukuaji wa mifupa. Mvulana wa kawaida anayo kwenye X na kwenye Y, nakala mbili. X ya ziada huzimwa sehemu kubwa, lakini ncha yenye SHOX haizimwi, kwa hiyo mwanangu ana nakala tatu. Testosteroni huingia baadaye: ikipungua wakati wa balehe, mifupa huchelewa kufunga na miguu huendelea kurefuka.

Hatukupewa sindano yoyote. Tulianza na mwalimu wa kumsaidia kusoma, na hilo ndilo lililombadilisha haraka zaidi. Sasa ana miaka 11, na kila kliniki daktari wa homoni hulinganisha korodani zake na shanga za kupimia, kwa kuwa katika hali hii balehe huanza vizuri lakini korodani hubaki ndogo. Testosteroni ataanzishwa damu ikionyesha inashuka. Mwenyewe ameshaelezwa damu hiyo inatolewa kwa ajili gani, na maswali yake humuuliza daktari moja kwa moja.