Foleni ya tiketi ya treni, Syokimau

Leo nilisafiri na SGR kwenda Voi, ile ya saa mbili asubuhi inayosimama njiani. Nilikuwa sijakata tiketi, kwa hivyo saa kumi na mbili nilikuwa nishafika Syokimau.

Wengi hawajui kwamba pale foleni ni zaidi ya moja. Kwanza ni ukaguzi: mizigo inapangwa chini kwa mstari, mbwa anapita akinusa, kisha inaingia kwenye mashine. Hapo ndipo muda unapoishia, hata kama tiketi ushalipia. Dirishani ni baadaye. Aliyehifadhi kupitia *639# na kulipa kwa M-Pesa anachapisha tiketi yake tu. Sisi wa kununua siku hiyo hiyo tunagawana viti vilivyobaki.

Mama aliyekuwa mbele yangu aliambiwa zimeisha. Hakuondoka, alisogea kando tu. Kumbe nafasi iliyohifadhiwa bila kulipiwa hurudi sokoni muda wake ukipita! Baada ya kitambo karani akamwita: "Mama, kuja, moja imepatikana."

Kitambulisho kiwe mkononi, jamani. Kijana mmoja alipekua begi zima huku tukimkodolea macho.